Swopu ya sarafu kati ya shilingi na dola: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa sana na mameneja wa fedha na wahasibu wa kampuni za Nairobi zenye deni la dola huku mauzo yao yakiingia kwa shilingi. Majibu yote yanafuata mfano mmoja. Kiwanda cha chupa za plastiki kilichoko Eneo la Viwandani kimekopa dola milioni 5 kutoka kwa mkopeshaji wa nje kwa miaka 3. Riba ni asilimia 8.5 kwa mwaka, inalipwa kila baada ya miezi sita, na deni lenyewe linalipwa lote kwa mkupuo siku ya mwisho. Siku mkataba unapoanza, dola moja inauzwa shilingi 130. Kiwanda na tarakimu zake ni vya mfano tu.

Swopu ya sarafu ni nini hasa?

Ni mkataba ambao pande mbili zinapeana kiasi cha pesa katika sarafu mbili tofauti, zinalipana riba juu ya viasi hivyo kwa muda waliokubaliana, kisha mwishoni kila upande unarudisha kile ulichopewa mwanzo. Kwa kiwanda chetu, upande wa pili ni benki ya Nairobi. Mkopo wa dola unabaki palepale, na mkopeshaji wa nje wala hahusiki. Swopu inakaa pembeni yake na kugeuza deni la dola liwe, kwa mfuko wa kiwanda, deni la shilingi.

Watu wengi huchanganya mkataba huu na ule wa kubadilishana dola na shilingi kwa majuma machache ambao benki hufanya kati yao. Ule wa muda mfupi hauna malipo ya riba katikati. Tofauti ya riba imeshaingizwa kwenye bei ya kurudishiana. Huu wa miaka una malipo ya aina tatu: ya mwanzo, ya kila awamu na ya mwisho.

Siku ya kwanza pesa inatembea vipi?

Mkopeshaji anakiwekea kiwanda dola milioni 5. Kiwanda kinazipeleka dola hizo benki, na benki inakipa shilingi milioni 650, yaani dola milioni 5 mara 130. Kiwanda sasa kina shilingi za kununulia mashine, kulipa mkandarasi na kuendesha kazi.

Hadi hapo inaonekana kama kuuza dola tu. Tofauti ni kwamba siku hiyohiyo benki imejifunga kuzirudisha.

Na kila baada ya miezi sita?

Benki inakilipa kiwanda riba ya dola, nacho kinailipa benki riba ya shilingi. Tuseme riba ya shilingi waliyoafikiana ni asilimia 13 kwa mwaka. Kwa hesabu ya nusu mwaka kamili, malipo ni haya:

| Wakati | Kiwanda kinapokea kutoka benki | Kiwanda kinailipa benki |
|---|---|---|
| Mwanzo | Sh 650,000,000 | Dola 5,000,000 |
| Kila miezi sita, mara 6 | Dola 212,500 | Sh 42,250,000 |
| Mwisho | Dola 5,000,000 | Sh 650,000,000 |

Dola 212,500 zinapoingia hazikai. Zinapita moja kwa moja kwenda kwa mkopeshaji wa nje kulipia riba ya mkopo. Kinachotoka kwenye mauzo ya kiwanda ni shilingi milioni 42.25, na kiasi hicho hakibadiliki hata dola ikipanda au kushuka namna gani.

Kama mkopo wa dola una riba inayopanda na kushuka, benki italipa riba ya aina hiyohiyo. Tangu LIBOR ya dola, riba ya rejea ya zamani, ilipositishwa tarehe 30 Juni 2023, mikopo mingi ya namna hiyo hufuata SOFR, riba ya rejea iliyochukua nafasi yake. Hapo angalia kifungu kimoja kwenye mkopo wako: mara nyingi kinasema SOFR ikishuka chini ya sifuri itahesabiwa kuwa sifuri. Swopu isipokuwa na kifungu hichohicho, kuna siku utapokea pungufu ya unachodaiwa.

Siku ya mwisho, kwa nini tunarudishiana kwa bei ya zamani? Si bei ya dola itakuwa imebadilika?

Hili ndilo swali kubwa, na jibu lake ndilo sababu ya mkataba mzima. Benki inarudisha dola milioni 5, kiwanda kinarudisha shilingi milioni 650, hata kama siku hiyo dola inauzwa 115 au 160. Bei ya sokoni haiulizwi.

Fikiria kiwanda kisichokuwa na swopu. Dola ikifika 160 siku ya kulipa deni, kinahitaji shilingi milioni 800 kununua dola zilezile milioni 5. Milioni 150 zaidi zinatakiwa kwa siku moja, na hakuna mteja wa chupa atakayekubali kupandishiwa bei ili kuziba pengo hilo. Riba inaumiza kidogokidogo, lakini deni lenyewe ndilo linaloangusha kampuni. Ndiyo maana mtu akiniambia amejikinga kwenye riba tu na kuacha malipo ya mwisho wazi, huwa namwambia bado hajajikinga.

Asilimia 13 inatoka wapi, na kwa nini ni kubwa kuliko 8.5 ninayolipa sasa?

Kwa sababu pesa ya shilingi ina riba kubwa kuliko pesa ya dola, na benki haiwezi kukupa uhakika wa 130 kwa miaka mitatu bure. Tofauti ya asilimia 4.5 kwa mwaka ndiyo bei ya uhakika huo.

Unaweza kuipima. Chukua 130, izidishe kwa ukuaji wa pesa ya shilingi kwa awamu sita za asilimia 6.5, kisha igawanye kwa ukuaji wa pesa ya dola kwa awamu sita za asilimia 4.25:

130 × (1.065 ÷ 1.0425)⁶ ≈ 147.8

Maana yake ni kwamba riba hizi mbili zinaiweka dola ya miaka mitatu ijayo karibu na shilingi 148. Huo si utabiri. Ni mahali ambapo, kwa riba za leo, mwenye shilingi na mwenye dola wanatoka sawa. Ukiamini kwa dhati kwamba dola haitafika hapo, utaiona swopu kuwa ghali. Ukiona inaweza kupita, utaiona rahisi.

Basi nitaokoa kiasi gani?

Tulinganishe jumla ya shilingi zitakazotoka kwa miaka mitatu. Ukiwa na swopu ni milioni 253.5 za riba na milioni 650 za deni, yaani milioni 903.5. Jumla hiyo unaijua tangu siku ya kwanza.

Bila swopu, dola ikibaki 130 muda wote, unatoa milioni 815.75. Swopu itakuwa imekugharimu milioni 87.75 zaidi.

Dola ikipanda shilingi 5 kila awamu hadi 160, bila swopu unatoa takriban milioni 988, na swopu itakuwa imekuokolea kama milioni 84.5. Ikishuka shilingi 2.5 kila awamu hadi 115, bila swopu unatoa kama milioni 729.6, na hapo swopu imekugharimu karibu milioni 174.

Nimeweka njia zote tatu makusudi. Wauzaji wa mikataba hii hupenda kuonyesha ile ya 160 peke yake. Swopu haikuahidi faida. Imekuahidi milioni 903.5. Swali linalokufaa ni kama biashara yako inaweza kutoa milioni 903.5 kwa raha, na kama inaweza kuvumilia milioni 988 au zaidi bila kufunga milango. Kiwanda ambacho faida yake kwa mwaka ni milioni 60 kina jibu tofauti na chenye faida ya milioni 400.

Halafu kuna ulinganisho ambao watu husahau: mkopo wa shilingi wa kawaida. Ikiwa benki nyingine mjini itakukopesha milioni 650 kwa miaka mitatu kwa asilimia 12.5, bila masharti magumu, chukua huo na uachane na mikataba miwili. Swopu ina maana pale ambapo mkopeshaji wa dola anakupa kitu usichokipata hapa, kama muda mrefu zaidi au kiasi kikubwa zaidi.

Shilingi imeimarika, na benki inataka niweke dhamana. Kwa nini, wakati sijachelewa kulipa hata mara moja?

Kwa sababu mkataba wenyewe una thamani inayobadilika kila siku. Wewe unadai dola milioni 5 na unadaiwa shilingi milioni 650. Riba zikiwa hazijabadilika, siku tu baada ya malipo ya awamu thamani ya swopu kwako ni dola milioni 5 mara tofauti kati ya bei ya siku na 130. Dola ikiwa 115, unadai kitu cha milioni 575 na kudaiwa milioni 650. Benki inaona kwamba ukianguka leo, itapoteza milioni 75, kwa hiyo inataka kinga.

Mwanzo wa 2024 ulilionyesha jambo hili waziwazi. Mwishoni mwa Januari dola ilikuwa ikiuzwa karibu shilingi 160. Mwezi Februari serikali ikatoa hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu ya ile ya bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni, na wawekezaji wakaleta dola kununua hatifungani ya miundombinu ya shilingi. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 130. Kampuni iliyofunga swopu ya dola milioni 5 kwa 160 mwezi Januari ingejikuta, ndani ya miezi miwili, na mkataba wenye upungufu wa karibu milioni 150.

Je, kampuni hiyo imepoteza milioni 150? La, kama kweli ina mkopo wa dola milioni 5 upande wa pili. Mkopo huo nao umepungua kwa milioni 150 ukiuhesabu kwa shilingi, na viwili hivi vinafutana. Tatizo ni kwamba benki inataka dhamana ya pesa taslimu leo, ilhali nafuu ya mkopo utaiona siku ya kulipa. Kampuni yenye afya nzuri kabisa inaweza kukosa mishahara ya mwezi kwa sababu ya pengo hilo la wakati.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini mkataba mkuu wa ISDA, chama cha kimataifa cha wanaofanya swopu, soma kiambatisho cha dhamana kwa makini kuliko unavyosoma riba. Uliza upungufu ukifika kiasi gani ndipo utaitishwa, utapewa siku ngapi, na kama ni lazima iwe pesa taslimu. Kampuni nyingi hupata nafuu kwa kukubaliana na benki kwamba mali iliyowekwa rehani kwa mikopo mingine ilinde swopu pia. Riba inaweza kupanda kidogo kwa ajili hiyo. Mimi ningelipa.

Mkopo nilishauchukua miaka kadhaa iliyopita na dola zimetumika. Bado naweza kufanya swopu?

Unaweza. Malipo ya siku ya kwanza yanaachwa, kwa kuwa huna dola za kupeana. Mnaanza na riba za awamu na kumalizia na malipo ya mwisho. Bei itakayotumika ni ya siku mnapofunga swopu. Ulikopa dola ikiwa 113 mwanzoni mwa 2022 na leo ni 130? Hasara ya shilingi 17 kwa kila dola imeshatokea na swopu haiifuti. Inazuia isiongezeke.

Benki ikikubali kuandika 113 ili vitabu vyako vipendeze, elewa kwamba tofauti hiyo imegeuzwa kuwa mkopo uliofichwa ndani ya riba, na ndiyo maana riba imepanda.

Makosa gani hutokea mara nyingi kwenye mkataba wenyewe?

La kwanza ni ratiba zisizolingana. Mkopo unalipwa kidogokidogo, mathalani dola laki tano kila awamu baada ya mwaka wa kwanza, lakini swopu imeandikwa kana kwamba deni lote linalipwa mwisho. Kila awamu unajikuta ukinunua dola sokoni kwa bei ya siku kulipa sehemu ya deni, huku swopu ikiendelea juu ya milioni 5 nzima. Sehemu ya deni haina kinga, na sehemu ya swopu haina deni. Dalili yake ni rahisi: weka ratiba mbili bega kwa bega, tarehe kwa tarehe. Kiasi kinachobaki kikitofautiana hata kwa awamu moja, rudisha karatasi benki.

La pili ni dogo na linajificha: namna ya kuhesabu siku. Riba ya dola kwa kawaida huhesabiwa kwa siku halisi juu ya mwaka wa siku 360, na ya shilingi juu ya siku 365. Tazama awamu ya 15 Machi hadi 15 Septemba, yenye siku 184. Kwa mwaka wa siku 360, riba ya asilimia 8.5 juu ya dola milioni 5 ni dola 217,222.22. Kwa mwaka wa siku 365 ni 214,246.58. Kama mkopo umeandikwa kwa 360 na swopu kwa 365, kila awamu ya namna hiyo utapungukiwa na karibu dola 2,976 utakazolazimika kununua mwenyewe. Hakuna atakayekupigia simu. Utaiona tu kama salio dogo lisiloisha kwenye akaunti ya dola.

Sikukuu pia zina shida zake. Mkataba utaje siku za kazi za Nairobi na New York zote mbili, na useme tarehe ikiangukia sikukuu malipo yanasogea vipi, sawasawa na mkopo. Idd-ul-Fitr hutegemea mwandamo wa mwezi, hivyo siku ya mapumziko huweza kuthibitishwa kwa notisi fupi.

Siku ya kurudishiana deni, nani anatangulia kulipa?

Hapa kuna hatari ya kweli. Shilingi husafiri kwa KEPSS, mfumo wa Benki Kuu wa malipo makubwa, saa za kazi za Nairobi. Dola hupitia New York, iliyo nyuma yetu kwa saa 7 au 8 kutegemea majira. Unaweza kutuma milioni 650 asubuhi na usijue hadi jioni kama dola zimefika. Na kwa kuwa ni sarafu mbili, malipo hayakatwi yakabaki ya upande mmoja.

Mnamo 26 Juni 1974 benki ya Herstatt ya Cologne ilifungwa baada ya kupokea maki za Ujerumani lakini kabla ya kulipa dola huko New York, na waliokwisha kulipa wakabaki mikono mitupu. Sarafu kubwa leo hulipana kwa pamoja kupitia mfumo wa CLS, lakini shilingi ya Kenya haimo. Njia iliyo rahisi kwa kiwanda ni kufungua akaunti zote mbili, ya shilingi na ya dola, kwenye benki ileile ya swopu, na kuandika kwamba benki haitachukua shilingi kabla ya kuingiza dola.

Nimeambiwa swopu yangu itamalizwa kwa dola tupu. Nini kinabadilika?

Hiyo hutokea hasa pale mkopeshaji wa nje anapotumia TCX, mfuko ulioanzishwa mwaka 2007 huko Amsterdam kwa ajili ya sarafu ambazo masoko yake ya muda mrefu ni membamba. Shilingi hazipokelewi wala hazitolewi. Kila kiasi cha shilingi kinageuzwa kuwa dola kwa bei ya siku, na tofauti tu ndiyo inayolipwa.

Dola ikiwa 160 siku ya mwisho, milioni 650 zinakuwa dola 4,062,500. Wewe unadai milioni 5, kwa hiyo unalipwa dola 937,500. Zilizobaki, 4,062,500, unazinunua mwenyewe sokoni kwa shilingi milioni 650. Matokeo ni yaleyale, mradi bei iliyotumika kwenye mkataba ndiyo benki yako inayokuuzia. Katika miezi ya 2023 dola zilipoadimika, bei rasmi na bei ya kupata dola kweli zilipishana, na pengo hilo linabaki kwako. Swopu ya kupeana sarafu zenyewe inakuondolea pia kazi ya kutafuta dola.

Serikali ilipogeuza mikopo ya reli kuwa ya yuan, ilifanya swopu?

Tangazo la Oktoba 2025 lilihusu kubadilisha sarafu ya mikopo yenyewe kwa makubaliano na mkopeshaji, Benki ya Exim ya China. Swopu ingeacha mikopo ya dola kama ilivyo na kuweka mkataba mwingine pembeni. Ukiweza kumshawishi mkopeshaji wako abadilishe sarafu, huhitaji upande wa tatu.

Nikilipa mkopo kabla ya muda, swopu inaisha yenyewe?

Haiishi. Ni mikataba miwili, na swopu itaendelea kukudai shilingi milioni 42.25 kila awamu ingawa huna tena riba ya dola ya kulipa. Ukitaka kuifunga, mnahesabu thamani yake siku hiyo na mwenye upungufu analipa. Dola ikiwa 140 na riba hazijabadilika, benki inakulipa kama milioni 50. Ikiwa 120, wewe ndiye unayelipa milioni 50. Benki pia itakata gharama zake, na kwa kuwa soko la miaka mirefu hapa lina wauzaji wachache, bei ya kuvunja hutaipata kwa mwingine. Andikeni tangu mwanzo namna thamani itakavyohesabiwa, na umtaarifu mweka hazina kabla bodi haijapitisha kulipa mkopo mapema.